Uzi: Wastani wa darasa umeshuka, watoto wengi wamepanda. Naomba mnisomee barua hii kabla haijaenda kwa wazazi

Mwl wa Pasua

Habari za jioni wakuu. Nafundisha Hisabati Darasa la Sita hapa Moshi, shule ya mchepuo wa Kiingereza. Kikao cha wazazi ni Jumamosi ijayo na karatasi ya matokeo imeshabandikwa ubaoni. Inasema hivi: jaribio la Machi wastani 29.0 kwa 50, mtihani wa Juni wastani 27.0. Tangu juzi napigiwa simu. Baba mmoja kaniuliza watoto wanafundishwa au wanachungwa.

Mimi daftari la maksi ninalo mkononi na najua watoto 30 kati ya 40 niliokuwa nao Machi wamepanda. Nimeandika barua, Mkuu kaniruhusu niipeleke, ila anataka isizidi ukurasa mmoja. Naiweka hapa, mnikosoe bila kunionea haya.

> Kwa Wazazi na Walezi wa Darasa la Sita,
>
> YAH: MATOKEO YA HISABATI, MTIHANI WA MUHULA WA KWANZA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mmeona kwamba wastani wa darasa umetoka 29.0 mwezi Machi na kufika 27.0 mwezi Juni. Wengi mmeuliza kama watoto wamerudi nyuma. Naomba niwaeleze namba hii imetoka wapi.
>
> Machi darasa lilikuwa na wanafunzi 40, na maksi zao zote zikijumlishwa zilikuwa 1,160. Ndiyo maana wastani ulikuwa 29.
>
> Juni, katika wanafunzi hao hao 40, wanafunzi 30 wamepanda. Kupanda kwao ni kwa maksi mbili kila mmoja kwa kukadiria, yaani swali moja zaidi la kupatia, na jumla yake ni maksi 60. Watatu wamebaki walipokuwa. Wanne wameshuka, nao wamepoteza maksi 14 kwa pamoja. Watatu waliobaki hawakufanya mtihani kwa sababu ya ugonjwa na msiba, na kwa utaratibu wa shule wameandikiwa sifuri. Machi walikuwa na 31, 27 na 26, kwa hiyo sifuri hizo tatu zimetoa maksi 84.
>
> Waliopanda wameleta 60, na zilizotoka ni 98. Jumla imeshuka hadi 1,122, na wastani wa hao 40 ukawa 28.05.
>
> Pia mwezi Aprili tulipokea wanafunzi wanne wapya. Wamepata jumla ya maksi 68. Darasa sasa ni la wanafunzi 44 wenye maksi 1,190, na wastani wake ni 27.0.
>
> Kila mzazi atapewa maksi za mwanawe za Machi na za Juni zikiwa pamoja. Naomba tuanzie hapo kwenye kikao.
>
> Wenu katika malezi ya watoto,
> Mwalimu wa Hisabati, Darasa la Sita

Baba Neema (Majengo)

Mwalimu, pole na kazi. Mimi ni fundi, hesabu zangu ni za mbao na misumari, lakini nimeisoma barua mara mbili na nimeelewa. Sikuwa najua kwamba watoto thelathini wanaweza kupanda na wastani ukashuka. Nilidhani wengi wakipanda basi na wastani unawafuata. Sasa naona tatizo: hao thelathini wamepanda kidogo kidogo, na watatu wameporomoka mpaka chini kabisa kwa wakati mmoja. Mtoto mmoja aliyetoka 31 akaandikiwa sifuri anakula jasho la wenzake kumi na tano.

Ila swali langu. Hao watatu hawajashindwa Hisabati, hawakuwepo. Kwa nini waandikiwe sifuri?

Mkaguzi wa Vitabu (Himo)

Wakuu, dawa ni rahisi. Wastani ni kipimo kinachoyumbishwa na namba zilizo mbali. Sisi kwenye hesabu za chama tukiona mwanachama mmoja ana deni kubwa kupita wote, hatusemi wanachama wote wanadaiwa. Mwalimu apange maksi zote kuanzia ya chini hadi ya juu, achukue ya katikati, awaambie wazazi hiyo tu. Sifuri tatu haziwezi kuisogeza. Barua itakuwa mistari mitano.

Mwl wa Pasua

@Mkaguzi, nimeipanga sasa hivi. Machi maksi ya katikati ilikuwa 28.5. Juni, kwa wote 44, ni 29. Kweli haijashuka, lakini imepanda nusu maksi tu, wakati mtoto wa kawaida kapanda mbili. Nikiwapelekea wazazi hiyo peke yake watasema darasa limesimama.

Bi Taaluma (Ngaramtoni)

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nimekuwa mwalimu wa taaluma miaka mingi huku Arusha, na barua za namna hii nimeziandika na nimezipokea.

Ndugu Mkaguzi yuko sahihi kwamba maksi ya katikati haiangalii sifuri iko mbali kiasi gani. Kwake sifuri na 20 ni kitu kimoja, zote ziko upande wa chini. Lakini inahesabu ni watu wangapi wako upande huo. Mwalimu ameongezewa wanafunzi wanne upande wa chini, na yule wa 31 amehama kutoka juu kwenda chini. Mstari wa katikati lazima uteremke nafasi tatu hivi kwenye foleni, na kupanda kwa watoto kunamezwa na mteremko huo. Kwa hiyo kipimo hicho kinatibu sifuri kwa sehemu, hakitibu wageni.

Ugonjwa wenyewe ni kwamba Machi na Juni hatupimi kundi moja. Namba mbili zimewekwa pembeni kwa pembeni kama za darasa lile lile, na si lile lile.

Mwalimu, fanya hivi. Chukua wale tu walioandika mitihani yote miwili. Ni 40 kutoa 3, wamebaki 37. Machi hao 37 walikuwa na maksi 1,160 kutoa 84, yaani 1,076. Gawa kwa 37 unapata 29.08. Juni wana 1,122, gawa kwa 37 unapata 30.32. Wamepanda maksi 1.24 kila mmoja kwa wastani, hata baada ya kuwahesabu wale wanne walioshuka. Hiyo ndiyo namba inayojibu swali la mzazi: watoto wetu wamesogea au hawajasogea?

Halafu angalia na hii. Ukiondoa sifuri tatu lakini ukabaki na wageni wanne, unagawa 1,190 kwa 41 na unapata 29.02. Yaani palepale pa Machi. Karatasi moja ya matokeo ina wastani wa 27.0, wa 29.0 na wa 30.3, na hakuna hata mmoja ulio wa uongo. Kila mmoja unajibu swali lake. Kosa ni kubandika ubaoni mmoja bila kusema ni wa kina nani.

Mama Junior (Njiro)

Mwalimu na mimi nina kesi kama yako. Mwanangu wa darasa la tano Machi alikuwa na 36 akawa wa sita. Juni kapata 37 kawa wa tisa. Baba yake kamnyang'anya simu na mpira. Mtoto analia, anasema mama mimi nimepanda. Sasa hapa wastani ndio umemshusha au ni hao wageni?

Bi Taaluma (Ngaramtoni)

Mama Junior, hiyo ya kwako ni nafasi, haihusiani na wastani. Mwanao kapanda maksi moja, na huenda wenzake waliokuwa nyuma yake wamepanda zaidi. Kapanda kweli, na wamempita kweli. Mrudishieni mpira wake, halafu mwangalie pamoja ile karatasi ni swali gani limemtoa.

Mzazi Kiboriloni

Mimi nasema wazi. Tunalipa ada, wanaletwa watoto wapya katikati ya muhula hawajui kitu, darasa linashushwa. Mwalimu mwenyewe kaandika kwenye barua. Shule isipokee watoto mpaka Januari.

Mama wa Wawili (Soweto)

Ndugu wa Kiboriloni, mimi ni mama wa mtoto aliyehamia, si shule hii lakini hali ni ile ile. Tulihama kwa sababu ya kazi ya baba yao. Barua kama hii ingenifikia, ningejua kabisa wanaosemwa ni sisi. Darasa zima lina wageni wanne, nani hatawajua? Kesho mtoto wangu ataambiwa na wenzake, "ninyi ndio mmetushusha." Mwalimu, nakuheshimu na najua hukukusudia. Lakini ile aya ya Aprili naomba uitazame upya. Na wale wa msiba pia. Mtaani tunajua nani alifiwa.

Mwl wa Pasua

Dada, nimekusikia, na naomba niseme jambo kuhusu hao wanne, kwa sababu ndugu wa Kiboriloni kasema hawajui kitu.

Wote wanne wametoka shule za Kiswahili. Mtihani wetu ni maswali 25 ya maksi mbili mbili. Maswali 17 ni ya kukokotoa moja kwa moja, 8 ni ya mafumbo, na mafumbo yote yameandikwa Kiingereza. Mmoja wao kapata 19. Nilipofungua karatasi yake, maksi zote 19 zimetoka kwenye yale 17 ya kukokotoa, ambayo yana maksi 34. Mafumbo yote manane kayaacha wazi, hata kalamu hajagusa. Nikamwita mapumziko nikamsomea fumbo mojawapo kwa Kiswahili: mfanyabiashara ana trei 12 za mayai, kila trei mayai 30, yamevunjika 45, amebaki na mangapi. Akaandika 360 kiganjani kwa kidole, akasema 315, sijafika hata mwisho wa kurudia swali.

Huyo mtoto Hisabati anaijua. Nimewaweka wote wanne kwenye kipindi cha lugha cha saa tisa pamoja na mwalimu wa Kiingereza.

Mkaguzi wa Vitabu (Himo)

Hiyo ya trei imenigusa. Basi kwenye barua usiandike wamepata 68. Andika tu kwamba wastani wa Juni una wanafunzi 44 na wa Machi una 40, kisha uweke ile 29.08 na 30.32 ya Bi Taaluma. Wageni hawatajwi kabisa.

Bi Taaluma (Ngaramtoni)

Nakubaliana nusu. Ukificha kabisa, mzazi mwenye akili atauliza: kama 37 wamepanda, 27.0 imetoka wapi? Usipomjibu ataona unachagua namba za kujipendelea. Mimi ningeandika kwamba wastani wa ubaoni umejumuisha wanafunzi saba ambao hawana matokeo ya mitihani yote miwili, baadhi kwa kutokuwepo siku ya mtihani na baadhi kwa kujiunga baada ya Machi. Saba kwa pamoja, bila kuwagawa na bila maksi zao. Hesabu inakamilika na hakuna mtoto anayenyooshewa kidole.

Na kuhusu sifuri aliyouliza Baba Neema. Baraza la Mitihani lenyewe kwenye matokeo ya kidato cha nne, mtahiniwa asiyefanya huandikwa ABS, haandikiwi sifuri. Sifuri maana yake alikaa, akaandika, hakupatia. Wapo wakuu wa shule wanaong'ang'ania sifuri ili watoto wasitoroke mitihani, na sababu hiyo naielewa. Lakini adhabu ya utoro ina mahali pake, isiingizwe kwenye kipimo cha Hisabati.

Kama unatumia Excel, ukiandika ABS kwenye kisanduku, AVERAGE inakiruka yenyewe. Ukiandika 0 inakihesabu. Machi iwe safu B, Juni safu C, tofauti safu D. Wageni wa Aprili uwaachie B ikiwa tupu:

```
D2:  =IF(AND(ISNUMBER(B2),ISNUMBER(C2)),C2-B2,"")
     =AVERAGE(D2:D45)
     =COUNTIF(D2:D45,">0")
     =COUNTIF(D2:D45,"<0")
```

Vuta D2 mpaka D45. Ya pili itakupa 1.24, ya tatu 30, ya nne 4. Msije mkatumia njia ya mkato ya kuacha kila sifuri, kwa sababu siku moja mtoto atapata sifuri halali na mtamfuta bila kujua.

Baba Neema (Majengo)

Bi Taaluma ubarikiwe. Lakini nina swali la kifundi. Nikipima mbao kwa futi mbili tofauti siwezi kusema mbao imerefuka. Mtihani wa Machi na wa Juni ni karatasi mbili tofauti. Tunajuaje watoto wamepanda, na si kwamba karatasi ya Juni ilikuwa rahisi?

Bi Taaluma (Ngaramtoni)

Baba Neema umegonga penyewe, na hapo hata mimi siwezi kumtetea mwalimu mpaka anijibu. Maksi mbili kwa mtoto ni swali moja tu. Swali moja jepesi kwenye karatasi linatosha kuwapandisha watu thelathini. Mwalimu, Machi ulitahini nini?

Mwl wa Pasua

Machi ilikuwa sehemu na desimali tu, na mafumbo yalikuwa manne. Juni ni muhula mzima: sehemu, desimali, asilimia, eneo na mzingo, na mafumbo manane. Kwa maoni yangu Juni ilikuwa ngumu zaidi.

Bi Taaluma (Ngaramtoni)

Maoni yako nayaheshimu ila mzazi atataka kuona. Kuna maswali yanayofanana kwenye karatasi zote mbili? Kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kwa mfano, lazima liwemo pote. Yatafute, hata manne. Hesabu katika hao 37 ni wangapi walipatia Machi na wangapi Juni. Hapo ndipo utajua kama wamejifunza. Na mkondo wa pili wa darasa la sita, kama wamefanya karatasi hizo hizo mbili na hawakupokea wageni, waangalie wamekwendaje. Nao wakiwa wamepanda maksi mbili mbili, huenda ni karatasi.

Mwl wa Pasua

Mkondo wa pili una mwalimu mwingine, na Machi alitunga lake mwenyewe. Juni tu ndiyo tulitumia karatasi moja. Maswali yanayofanana yapo sita. Shida ni kwamba karatasi za Machi watoto walirudishiwa wakaenda nazo nyumbani. Kesho naomba waje nazo. Nikipata hata za watoto 20 nitahesabu.

Mzazi Kiboriloni

Mwalimu, nimesoma ile ya trei. Suala la wageni naliacha. Lakini bado sijaridhika na wale wanne walioshuka. Barua nzima inazungumzia walioonekana wameshuka kumbe hawakushuka. Walioshuka kweli wamepewa sentensi moja. Kama mwanangu ni mmojawapo, barua hii inanisaidia nini?

Mama wa Wawili (Soweto)

Hapo naungana na ndugu yangu.

Mwl wa Pasua

Ni haki. Wameshuka maksi 2, 3, 4 na 5. Walioshuka maksi 2 na 3 sina wasiwasi nao sana, wiki nyingine wangepanda. Walioshuka 4 na 5 nimeangalia karatasi zao, wote wawili wamepotelea kwenye asilimia, mada tuliyofundisha Mei. Wanageuza sehemu kuwa asilimia vizuri, lakini ukiwauliza asilimia 15 ya shilingi 40,000 wanagawa 40,000 kwa 15. Wazazi wao nitawaita mmoja mmoja kabla ya kikao. Kwenye barua ya watu wote sitaki kuwaweka, kwa sababu ile ile aliyosema dada wa Soweto.

Nimeandika upya sehemu ya kati. Itasomeka hivi:

> Wastani wa 27.0 uliobandikwa ubaoni ni wa wanafunzi 44. Kati yao, saba hawana matokeo ya mitihani yote miwili, ama kwa kutokuwepo siku ya mtihani au kwa kujiunga na darasa baada ya Machi. Kwa hiyo namba hiyo haiwezi kulinganishwa na 29.0 ya Machi.
>
> Wanafunzi 37 waliofanya mitihani yote miwili walikuwa na wastani wa 29.1 Machi na 30.3 Juni. Kati yao 30 wamepanda, watatu hawakubadilika, wanne wameshuka. Wazazi wa walioshuka nitazungumza nao mmoja mmoja.
>
> Mitihani hii miwili haikuwa na mada zilezile. Ninalinganisha maswali yaliyofanana katika karatasi zote mbili, na nitaleta matokeo yake kwenye kikao. Mwenye karatasi ya Machi ya mwanawe nyumbani, naomba aitume shuleni.

Bi Taaluma (Ngaramtoni)

Hiyo nimeipenda. Ongeza kwamba wale watatu watafanya mtihani wao lini.

Mwl wa Pasua

Jumatano, karatasi nyingine ya mada zilezile. Mkuu kakubali wafanye. Ila kuhusu kufuta sifuri kwenye karatasi ya ubaoni bado tunavutana. Anasema matokeo yakishabandikwa hayabadilishwi, na kwamba akiwafutia watatu wa ugonjwa na msiba, muhula ujao watakuja kumi wenye vyeti vya zahanati.

Mkaguzi wa Vitabu (Himo)

Hoja ya Mkuu si ndogo. Kwenye vitabu hatufuti ingizo, tunaandika la kusahihisha chini yake. Mwambie abandike karatasi ya pili pembeni ya ile ya kwanza, yenye tarehe.

Baba Neema (Majengo)

Mwalimu, karatasi ya Machi ya Neema ninayo, ilikuwa kwenye boksi la misumari. Kesho asubuhi anakuja nayo.